Nimelipia Mbps 500, ruta inanipa 240. Nani anakula zile zingine?

#1 Msafiri_SouthB, Jumamosi 10:12

Wadau, habari. Niko South B, ghorofa ya tatu. Kwa mwaka mzima nimekuwa na faiba ya Mbps 100 na sikuwa na neno, nikipima napata 90 na kitu. Wiki mbili zilizopita nikapanda hadi 500 kwa sababu nyumba imejaa: mimi nafanyia kazi nyumbani, mke wangu anafundisha mtandaoni, halafu kuna vijana wawili wa kupakua michezo ya giga 80.

Sasa nikipima kwa waya, laptopu imechomekwa kwenye ruta, napata 240. Mara 238, mara 243. Saa mbili jioni ni 240. Nikaamka saa tisa usiku kama mwizi, nikapima: 240.

Fundi wa kampuni alikuja Alhamisi. Alichomoa waya kwenye ruta yangu, akauingiza kwenye laptopu yake moja kwa moja kutoka kile kisanduku cheupe cha ukutani, akaandika jina na nywila ya PPPoE, akapima: 488. Akanionyesha skrini, akamaliza chai, akaenda zake.

Ruta niliinunua Luthuli mwaka juzi, mtumba, shilingi 4,500. Poti zote ni za giga moja na binamu yangu aliiondolea mfumo wa kiwandani akaiwekea OpenWrt. Zile Mbps 250 zinaishia wapi?

#2 Daktari_wa_Simu, 10:20

Laptopu yako ina prosesa gani? Kama ni ya kizazi cha zamani ongeza RAM hadi 16 na uweke SSD. Yangu ilikuwa inakwama hivyo hivyo.

#3 MzeeKobe, 10:24

Daktari, mgonjwa ni ruta, wewe umemfunga plasta jirani.

#4 KijanaWaLuthuli, 10:31

Mimi nauza hizi vitu kila siku, acha nikuokolee muda. Ni kebo. Watu hununua ruta ya giga halafu wanatumia waya uliokuja na kisanduku cha miaka kumi iliyopita. Chukua Cat6, shilingi 300, tatizo limekwisha.

#5 Bibi_Kebo, 10:47

Kijana, kebo mbovu ina namba yake na si 240. Kwenye waya kuna jozi nne. Jozi moja ikikatika, poti hushuka hadi 100, na ukipima unapata kama 94, kwa sababu kile kipande kingine kinaliwa na bahasha za pakiti zenyewe. Waya mzima wenye poti za giga unakupa kama 940. Kwa hiyo mtu akiniambia 94 nakimbilia waya au poti. Akiniambia 240, waya nauacha kwanza.

Msafiri, namba isiyofanana na poti yoyote, isiyobadilika mchana wala usiku, na inayopotea ukiitoa ruta katikati, mimi huanza kushuku prosesa ya ruta. Lakini kushuku si kuthibitisha. Ingia kwenye ruta kwa SSH, andika `top`, halafu endesha kipimo cha spidi na uniletee ule mstari wa CPU wakati kipimo kiko katikati. Usisubiri kiishe.

#6 Popo_Usiku, 10:58

Wewe unaamini yule fundi? Laptopu yao inaweza kuwa inapewa njia ya peke yake. Halafu kuna kebo za bahari. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja, nchi nzima tulikuwa tunatambaa.

#7 Msafiri_SouthB, 11:05

@Popo_Usiku laptopu ilikuwa yake lakini jina na nywila ni zangu, niliziona akiziandika kutoka kwenye ile karatasi yangu. Na seva ninayopimia iko hapa hapa Nairobi. Bahari inaingiaje?

#8 Popo_Usiku, 11:07

Sawa, bahari nimeiondoa. Fundi bado simwamini.

#9 Msafiri_SouthB, 11:26

Bibi, huu hapa. Nimechapa wakati kipimo kinakimbia:

```
CPU:   0% usr   1% sys   0% nic  72% idle   0% io   0% irq  27% sirq
```

Na `/proc/cpuinfo` inasema MT7621, imeorodheshwa mara nne, kutoka processor 0 hadi 3.

#10 KijanaWaLuthuli, 11:33

Haya, kesi imeisha. Asilimia 72 imelala. Prosesa haijatoka hata jasho. Na MT7621 ni ya megahatsi 880. Inawezaje 880 kushindwa na 500? Hesabu ya darasa la tatu hiyo. Narudi pale pale: kebo.

#11 MzeeKobe, 11:35

Hata mimi hiyo ya 880 na 500 imenikaa vizuri. Bibi, tuambie imekosea wapi.

#12 Bibi_Kebo, 12:10

Nilikuwa sokoni. Kuna makosa mawili hapo na yote ni ya kawaida, hata mimi niliwahi kuyafanya nikamnunulisha mteja waya wa bure.

La kwanza, ile 72. Ruta hii mfumo unaihesabu kuwa na vichwa vinne vya prosesa, na mstari wa CPU wa `top` ni wastani wa vyote vinne. Kichwa kimoja kikiwa kimebanwa hadi mwisho na vitatu vimelala, wastani utasoma kama 25. Sasa tazama yako: sirq 27. Hiyo sirq ndiyo kazi ya kupokea na kusukuma pakiti. Ninavyoisoma mimi, kichwa kimoja kimekufa kwa kazi na wenzake watatu wanamwangalia. Uzembe wa namna hii tunaujua sote maofisini.

La pili, 880 na 500. Megahatsi na megabiti si kitu kimoja, huwezi kuziweka kwenye mizani moja. Ruta haihangaiki na biti. Inahangaika na pakiti. Fikiria kituo cha kulipia pale Expressway, Mlolongo. Karani hajali basi limebeba watu wangapi, anatumia muda ule ule kwa kila gari: anapokea hela, anatoa risiti, anainua kizuizi. Ruta vivyo hivyo. Kwa kila pakiti inatazama daftari la nani anaongea na nani, inabadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje au kinyume chake, inafungua au kufunga ile bahasha ya PPPoE, inaitoa mlango wa pili.

Pakiti kubwa ya kawaida ni baiti 1500, yaani biti 12,000. Mbps 500 gawanya kwa hiyo, unapata kama pakiti 41,000 kwa sekunde. Karani ana maikrosekunde 24 hivi kwa kila moja. Wewe unapata 240, ambayo ni pakiti 20,000. Kwa hiyo karani wako anatumia maikrosekunde 50 kwa kila gari, mara mbili ya muda aliopewa. Na hapo sijahesabu zile pakiti ndogo za "nimepokea" ambazo laptopu yako inarudisha, nazo anazihudumia yeye yule.

Ulipokuwa na 100, zilikuwa pakiti 8,000 tu. Alikuwa anapata hata muda wa kusinzia. Ndiyo maana hukujua.

#13 MzeeKobe, 12:16

Nimeelewa, ila pale Expressway kuna watu wana kadi, wanapita bila kuongea na karani.

#14 Bibi_Kebo, 12:18

Mzee, umeniwahi. Hiyo kadi tutaifikia.

#15 Tanuri, 12:22

Na bodaboda je? Pakiti ndogo ni kama boda, zinapita nyingi.

#16 MzeeKobe, 12:23

Boda haziruhusiwi Expressway. Zikiruhusiwa karani atajiuzulu.

#17 Bibi_Kebo, 12:29

Mnacheka lakini ndivyo. Ukijaza laini kwa pakiti ndogo, ruta ile ile iliyokuwa ikikupa 240 itakupa namba ndogo zaidi ya megabiti, kwa sababu karani anahesabu magari, hahesabu abiria. Hiyo ni dalili nyingine: spidi inayoshuka pakiti zikiwa ndogo ni ya prosesa.

Msafiri, tuthibitishe. Endesha hii wakati kipimo kinakimbia:

```
grep '^cpu' /proc/stat; sleep 10; grep '^cpu' /proc/stat
```

Kila kichwa kina mstari wake. Baada ya jina, namba ya nne ni muda wa kulala, ya saba ni ile sirq. Zinahesabiwa kwa mia moja ya sekunde, kwa hiyo katika sekunde 10 kila kichwa kina pointi 1000 za kugawa. Toa za kwanza kwenye za pili. Kipimo kikiwa kifupi, kirudie mfululizo ili zile sekunde 10 zote ziwe na kazi.

#18 Msafiri_SouthB, 12:51

Nimefanya hesabu kwenye bahasha ya kanisa. cpu0: kulala kumeongezeka kwa 4. Nne! Sirq imeongezeka kwa 981. Hao wengine watatu, kulala ni 962, 951 na 958.

#19 MzeeKobe, 12:53

cpu0 ndiye mtoto wa kwanza.

#20 KijanaWaLuthuli, 13:02

Sawa, hiyo ya 981 siwezi kubishana nayo. Lakini ningependa kujua kwa nini wateja wangu wengine wana MT7621 hiyo hiyo na wanapata 500, wengine mpaka 900. Chipu ni moja.

#21 MamaPacha_Kasarani, 13:15

Hapo mimi naweza kusaidia maana yalinipata. Ruta yangu ni ya kawaida, sijaweka kitu cha ajabu, faiba ya 300. Nilikuwa napata 290 bila wasiwasi. Likizo ya Agosti nikawasha ile sehemu ya kudhibiti watoto, wanangu wasiende huko kusikofaa na kila kifaa kiwe na kiwango chake. Spidi ikashuka hadi 170. Nikapiga simu kwa kampuni siku tatu, tukakasirikiana. Nikazima ile sehemu kwa bahati tu, 290 ikarudi.

Na dalili niliyokuwa nayo ni hii: nikiwa napima spidi, ukurasa wa ruta haufunguki. Unazunguka tu. Kipimo kikiisha unafunguka papo hapo. Sikujua SSH ni nini na bado sijui.

#22 Bibi_Kebo, 13:34

MamaPacha ameleta ile kadi ya Mzee. Ruta nyingi za bei ndogo zina njia ya mkato. Pakiti za mwanzo za mazungumzo zinapita kwa karani, anaandika maelezo, zinazofuata hazimpitii tena, chipu pembeni inazibadilisha anwani na kuzisukuma yenyewe. Ndipo unaona 900 kwenye kiboksi cha 4,500. Ila ukiwasha kitu kinachohitaji kukagua au kupima kila pakiti, kama udhibiti wa watoto au mgao wa spidi, kadi inafutwa na wote wanarudi kwenye foleni ya karani. Kwenye boksi la dukani wanaandika namba ya mwenye kadi.

Na ile ya ukurasa wa ruta kugoma wakati wa kipimo, kwa mtu asiye na SSH, ni dalili nzuri sana. Karani hana mkono wa tatu wa kukufungulia mlango.

@KijanaWaLuthuli jibu lako ndilo hilo. Mfumo wa kiwandani huja na kadi imewashwa. OpenWrt huja nayo imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe.

#23 Tanuri, 13:40

Mimi nasema ni joto. Hiyo ruta mmeiweka wapi? Shemeji yangu aliweka yake juu ya friji ikawa inajizima. Wekeni feni ndogo.

#24 Msafiri_SouthB, 13:58

Tanuri, nimeizima nusu saa nikala, ikapoa kabisa. Nimeiwasha na kupima dakika ya kwanza: 241. Nimeishika, baridi kama chupa ya maji.

#25 Tanuri, 14:00

Sawa. Ila feni haiharibu kitu.

#26 Mpimaji_Umoja, 14:11

Kwa nini msipime ruta yenyewe bila intaneti? Sakinisha `iperf3` kwenye ruta, iwe seva, laptopu iwe mteja. Ukipata chini ya 500, ruta ndiyo mbovu, hakuna haja ya bahasha za kanisa.

#27 Bibi_Kebo, 14:26

Hapana, Mpimaji, hicho kipimo kimewadanganya wengi. Ukiifanya ruta kuwa seva, inabidi itengeneze data yenyewe na kuipokea yenyewe mpaka juu kwenye programu. Hiyo ni kazi tofauti na ya kupitisha. Ni sawa na kumwambia karani aache kuinua kizuizi, aendeshe basi. Namba utakayoipata inaweza kuwa chini kuliko uwezo wake halisi wa kupitisha.

Na kosa la upande wa pili ni kuchomeka kompyuta mbili kwenye poti mbili za ndani na kupima. Utaona 940, utafurahi, lakini pakiti hizo zilipita kwenye swichi bila kumgusa karani kabisa. Kipimo cha haki: kompyuta moja iwe upande wa poti ya intaneti, nyingine upande wa ndani, pakiti zivuke kutoka upande mmoja hadi mwingine.

#28 Mpimaji_Umoja, 14:31

Basi mimi nimewahi kurudisha ruta dukani kwa kosa lisilo lake. Kijana, sikukutaja.

#29 KijanaWaLuthuli, 14:32

Nakukumbuka.

#30 Bibi_Kebo, 14:38

Msafiri, swali moja ambalo ningekuuliza mwanzo kabisa: binamu yako aliweka SQM, ile ya kupanga foleni ya pakiti?

#31 Msafiri_SouthB, 14:55

Nimempigia. Ndiyo. Aliiweka wakati wa ile 100 kwa sababu mke wangu akifundisha na vijana wanapakua, sauti yake ilikuwa inakatika katika. Aliweka aina yake inayoitwa cake na kikomo cha kilobiti 95000, na nilipopanda akabadilisha kikawa 480000. Anasema "si hiyo, hiyo inasaidia". Nijaribu kuizima?

#32 Bibi_Kebo, 15:01

Izime, pima. Halafu, bila kuirudisha, washa kadi ya kawaida, ile ya programu, upime tena:

```
/etc/init.d/sqm stop
uci set firewall.@defaults[0].flow_offloading='1'
uci commit firewall
/etc/init.d/firewall restart
```

Mstari wa kwanza peke yake kwanza, ndipo tujue kila kimoja kinakula kiasi gani.

#33 Msafiri_SouthB, 15:30

SQM imezimwa: 335.
Kadi imewashwa: 486.

Wadau, 486! cpu0 sasa analala pointi 120 kati ya 1000. Nimepima mara nne ili niamini. Popo, naomba umwombe fundi radhi.

#34 Popo_Usiku, 15:33

Tusubiri jioni kwanza.

#35 MzeeKobe, 15:41

Nimepiga hesabu. Mchezo wa giga 80 kwa 240 ni dakika 44. Kwa 486 ni dakika 22. Umeamka saa tisa usiku, umempigia binamu, umeharibu bahasha ya sadaka, ili vijana wasubiri dakika 22 pungufu.

#36 Msafiri_SouthB, 15:44

Mzee, mimi ndiye ninayelipa.

#37 Msafiri_SouthB, 17:20

Haya, nimerudi na si kwa furaha. Kijana mkubwa ameanza kupakua mchezo, kwa kasi ambayo hajawahi kuiona maishani. Mama yake akawa katikati ya somo la sehemu. Wanafunzi wakamwona ameganda mdomo wazi. Nilikuwa nimeacha ping ikikimbia: kutoka milisekunde 6 imepanda hadi 140. Nimeambiwa nirudishe mambo yalivyokuwa.

#38 KijanaWaLuthuli, 17:26

Ndiyo hiyo. SQM na kadi haviendi pamoja, chagua kimoja. Au njoo dukani, ninayo moja yenye vichwa vinne vya kweli, ARM, 11,000 tu.

#39 MzeeKobe, 17:27

Uzi umefika Luthuli. Nilikuwa nahesabu dakika.

#40 Bibi_Kebo, 17:52

Haviendi pamoja kama unatumia kadi ya chipu yenyewe, ile `flow_offloading_hw`. Hapo pakiti hazimwoni karani, na SQM ni karani anayepanga foleni, kwa hiyo hana wa kumpanga. Ile ya programu uliyowasha bado inapita kwenye foleni, kwa hiyo unaweza kuwa na vyote viwili, ila kazi ya kupanga bado ni ya prosesa. Jaribu vyote viwili uone unasimama wapi, halafu kikomo cha SQM ukiweke chini kidogo ya hapo. Kikomo cha 480000 kwenye ruta isiyofika 480 hakifanyi kazi yake: foleni inajengeka mahali pengine, si pale SQM inapoiona.

#41 Mpimaji_Umoja, 17:59

Mimi nilijaribu vyote viwili na SQM haikufanya chochote. Ping ilipaa vile vile. Kwa hiyo naungana na Kijana.

#42 Bibi_Kebo, 18:03

Ulikuwa umeweka kikomo cha ngapi, na ruta yenyewe inafika ngapi?

#43 Mpimaji_Umoja, 18:09

Sikumbuki. Lakini ilipaa.

#44 Msafiri_SouthB, 18:40

Vyote viwili kwa pamoja: 305. Nimeweka kikomo 280000. Ping wakati kijana anapakua haijavuka 19. Mwalimu ameridhika kwa sasa.

Kwa hiyo nina faiba ya 500 na natumia 280. Nimerudi karibu na nilipoanzia, tofauti ni kwamba sasa najua jina la mwizi.

#45 MamaPacha_Kasarani, 18:48

Kwa nini usizime SQM ubaki na 486, halafu kikomo ukiweke kwenye kompyuta ya kijana? Zile programu za michezo zina mahali pa kuandika usipakue zaidi ya kiasi hiki. Mimi nimewawekea pacha wangu 100 kila mmoja na hawajui.

#46 Msafiri_SouthB, 18:52

MamaPacha, hiyo ni akili. Wangu watajua ndani ya dakika tano lakini nitajaribu.

#47 Popo_Usiku, 21:14

Jioni imefika. Msafiri, zima SQM upime sasa hivi.

#48 Msafiri_SouthB, 21:31

360. Nimepima mara tatu: 352, 367, 360. Na mchana ilikuwa 486 kwa mipangilio ile ile.

#49 Popo_Usiku, 21:32

👀 Fundi wenu huyo.

#50 Bibi_Kebo, 21:45

Kabla hatujamnyonga fundi, cpu0 analala pointi ngapi?

#51 Msafiri_SouthB, 21:53

390 kati ya 1000.

#52 Bibi_Kebo, 22:01

Basi safari hii si ruta. Karani ana nafasi na magari hayaji. Prosesa ikiwa ndiyo ukuta, spidi inasimama pamoja na kichwa kukosa kulala. Hapa spidi imeshuka na kulala kumeongezeka. Kama laini yenu ni GPON, ule uzi mmoja unaotoka kwa kampuni una gigabiti 2.488 za kushuka, na mnaweza kuwa mnagawana majirani 32 au zaidi. Jumamosi saa tatu usiku wote mko nyumbani.

#53 Popo_Usiku, 22:03

Yaani nilikuwa sahihi.

#54 KijanaWaLuthuli, 22:06

Au seva ya kupimia imejaa. Badilisha seva kabla ya kulaumu majirani.

#55 Msafiri_SouthB, 22:15

Seva nyingine ya hapa hapa Nairobi: 410. Sasa sijui nimlaumu nani. Kesho saa tatu usiku nitapima zote mbili pamoja na cpu0.

#56 Tanuri, 22:19

Usiku kuna baridi kwa hiyo joto nalitoa.

#57 Daktari_wa_Simu, 22:40

Nimesoma uzi wote. Kwa hiyo RAM asiongeze?